Kuomba mafunzo tarajali kwa barua pepe wakati hakuna nafasi iliyotangazwa: mwongozo kamili kwa kijana wa Tanga

Kwa miaka sita kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufungua barua pepe za ofisi ya shirika moja hapa Tanga. Ile anwani ya jumla, inayoanza na info, ilikuwa mikononi mwangu. Hatukuwa na kawaida ya kutangaza nafasi za mafunzo, lakini maombi ya fildi na ya mafunzo tarajali yalikuja wiki nzima, na ikifika Mei yalikuwa yanamiminika. Mengi yalifanana kama vile yameandikwa na mtu mmoja: "Naomba nafasi ya mafunzo katika shirika lako. Nipo tayari kufanya kazi yoyote nitakayopangiwa."

Nataka mwombaji aelewe kilichofuata baada ya mimi kuisoma barua kama hiyo. Sikuwa na mamlaka ya kumpa mtu nafasi. Nilichoweza ni kuifowadi kwa afisa fulani, au kuiweka kwenye folda ya maombi. Ili niifowadi, sharti nijue inamhusu afisa yupi. Barua inayosema "kazi yoyote" hainiambii kama niipeleke kwa mtu wa mazingira, wa takwimu au wa hesabu. Basi inaingia kwenye folda. Si kwamba nimemdharau aliyeiandika. Sikuwa na pa kuipeleka.

Penye tangazo, ofisi imeshakaa ikakubaliana kuwa kuna kazi, kuna meza, na kuna mtu wa kumsimamia mgeni. Pasipo na tangazo, hayo yote hayajafikiriwa, na barua yako ndiyo itakayoyafikirisha. Itasomwa kwanza na mtu wa mapokezi, halafu na afisa, pengine na meneja, na wewe hutakuwepo kujieleza. Mwongozo huu unahusu namna ya kuandika barua inayoweza kusafiri peke yake kutoka meza moja hadi nyingine bila kupotea.

Nitaueleza kwa mfano wa binti mmoja wa Makorora, aliyemaliza stashahada ya uvuvi katika kampasi ya Mbegani ya FETA, wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi, kule Bagamoyo, akarudi nyumbani Tanga. Alinijia akiwa ametuma barua moja kwa ofisi arobaini na tatu. Hakuna iliyomjibu.

Hatua ya kwanza: chagua ofisi nne

Barua arobaini na tatu zilimchukua jioni moja, kwa sababu aliweka anwani zote kwenye sehemu ya wapokeaji na kubonyeza mara moja. Kila aliyefungua aliona majina ya wengine arobaini na mawili. Barua ya namna hiyo niliwahi kuipokea mara nyingi, na sikumbuki hata moja niliyoipeleka mbele. Anayeipokea huona kuwa wapo wengine wengi walioombwa, basi mmoja wao atamsaidia.

Tulianza upya kwa kuchagua ofisi nne tu zinazogusa uvuvi na mwambao. Namba nne haina siri. Ni ofisi ambazo mtu anaweza kuzichunguza vizuri kwa wiki mbili huku akifanya shughuli zake nyingine.

Kuzitafuta si lazima uwe na mtandao wa kasi. Vibao vya miradi vilivyosimama njiani kuelekea Pangani, Muheza na Mkinga huandikwa jina la mradi, mtekelezaji na mfadhili. Piga picha. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anazifahamu asasi zinazofanya kazi katika eneo lake, kwa kuwa ndiye anayezisimamia kwa karibu. Viongozi wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wanajua nani alikuja kufanya mafunzo, nani aligawa fomu, na nani alipotea.

Kwa kila ofisi andika kwenye daftari mambo matatu: inafanya kazi vijiji gani, mradi wake unahusu nini hasa, na kazi gani ya mezani inatokana na mradi huo. Hilo la tatu ndilo litakalokupa barua.

Hatua ya pili: tafuta kazi iliyokwama

Karibu kila shirika lenye miradi vijijini lina kazi ambazo wote wanakubali ni muhimu na hakuna anayepata muda wa kuzifanya. Kwa uzoefu wangu ni zilezile. Kuna fomu za karatasi zilizojazwa vijijini ambazo hazijaingizwa kwenye kompyuta. Kuna orodha za mahudhurio ya mafunzo, zenye majina na saini, ambazo mfadhili anaweza kuziulizia wakati wowote na zimetawanyika kwenye mafaili matano. Na kuna picha mia kadhaa kwenye simu ya dereva ambazo hakuna anayekumbuka zilipigwa wapi. Kazi kama hizi mgeni anaweza kukabidhiwa. Fedha, maamuzi, na taarifa za wagonjwa au za watoto hatakabidhiwa mtu aliyeingia jana, kwa hiyo usiziombe.

Binti alikwenda kwenye diko la Sahare asubuhi, saa vyombo vinaporudi. Hakwenda kuhoji mtu. Alimwamkia katibu wa BMU, akajitambulisha kuwa amesoma Mbegani, akauliza kama anaweza kukaa pembeni aangalie samaki wanavyopimwa. Mzee alifurahi, kwa sababu anayerekodi alikuwa kijana mmoja tu na mizani moja. Kufika saa nne binti alikuwa anashika kalamu. Akaiona fomu yenyewe: tarehe, jina la chombo, zana ya uvuvi, idadi ya wavuvi, aina ya samaki, uzito, bei. Akaelezwa kuwa fomu hukusanywa na shirika fulani kila mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo alipoona jambo ambalo baadaye lilimfungulia mlango. Kwenye safu ya aina ya samaki, mwandishi mmoja aliandika "tasi", na fomu ya wiki iliyopita, iliyojazwa na mwingine, iliandikwa "tafi". Kwa mtu wa pwani ni samaki yuleyule. Karibu na mpaka wa Kenya utasikia zaidi tafi, huku kwetu tasi. Lakini Excel haijui hayo. Ukiiambia ijumlishe kilo kwa aina ya samaki, itakupa mistari miwili, na anayeandika ripoti atasema tasi wamepungua kumbe nusu yao wamekaa chini ya jina jingine. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kuandika "changu" na mwenye kuandika "changu mdogo", na kwa anayeandika uzito kwa kilo na anayeandika kwa ndoo.

Mtu hajui hili kwa kusoma tovuti ya shirika. Amelijua kwa kukaa asubuhi moja kwenye diko. Kwa wewe uliyesoma uhasibu, afya ya jamii au kilimo, diko lako ni jingine: kituo cha kukusanyia maziwa, zahanati, mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa, shamba darasa la muhogo. Nenda pale shirika linapokutana na watu, uangalie karatasi gani hujazwa na huishia wapi.

Alipotoka pale tulifanya jaribio dogo. Alichora fomu kumi za kubuni zenye mistari kumi na tano kila moja, akaziingiza kwenye Excel huku nikimwangalia. Zilimchukua saa nzima. Kwa hesabu hiyo angeweza kusema fomu hamsini au sitini kwa siku, lakini nilimkatalia. Kuna kurudia kukagua, kuna umeme, kuna mwandiko usiosomeka unaohitaji kupiga simu kijijini. Tukakubaliana aandike thelathini kwa siku. Namba ndogo iliyopimwa ina nguvu kuliko sifa, kwa sababu afisa ataizidisha mwenyewe kichwani: thelathini mara siku tano, mara wiki nane, ni fomu 1,200. Ghafla anaona boksi lililo nyuma ya mlango wake likiisha.

Hatua ya tatu: jua nani anayeumizwa na kazi hiyo

Usimwandikie mkurugenzi kwa sababu tu jina lake liko juu. Mwandikie anayeumia kwa kazi kukwama, ambaye mara nyingi ni mratibu wa mradi au afisa ufuatiliaji na tathmini. Huyo ndiye atakayekwenda kwa mkurugenzi kusema, "Naomba huyu aje."

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kupiga simu mapokezi. Watu huogopa hili bila sababu. Mimi nilipenda kupigiwa kuliko kuandikiwa kwa kubahatisha. Piga kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, useme maneno machache: "Habari za kazi, dada. Naitwa fulani, nimemaliza stashahada ya uvuvi, naishi hapa Tanga. Nataka kutuma barua pepe kuhusu takwimu za uvuvi za BMU. Naomba kujua ni afisa gani anashughulika nazo, na nitumie anwani ipi?" Akikutajia herufi, mrudishie herufi moja moja. Sauti ikiwa ya mtu mzima, anza na shikamoo. Usimwombe nafasi yeye, wala usianze kusimulia maisha. Ukimaliza mshukuru na umwulize jina lake, kwa sababu barua ikipotea yeye ndiye utakayemrudia.

Kwenye sehemu ya To weka anwani ya afisa, na kwenye Cc weka ile ya jumla. Afisa akiwa safarini, wa mapokezi bado ameiona. Usibuni anwani kwa kuunganisha jina la mtu na jina la shirika. Ukikosea, baada ya dakika chache utapata ujumbe kutoka Mail Delivery Subsystem wenye maneno Address not found. Maana yake barua haikufika kabisa, na wapo wanaosubiri jibu mwezi mzima bila kujua kuwa jibu hilo lilishakaa kwenye inboksi yao.

Hatua ya nne: andika barua ndani ya barua pepe

Kosa nililoliona kuliko yote ni barua pepe tupu yenye kiambatisho. "Tafadhali tazama kiambatisho." Afisa aliye kwenye gari njiani kutoka Lushoto, mtandao unakuja na kupotea, hatafungua kiambatisho. Atasoma kilicho mbele ya macho yake. Barua nzima ikae kwenye mwili wa barua pepe, na kiambatisho kiwe wasifu wako peke yake.

Tuanze na kichwa. Simu huonyesha maneno matano au sita ya mwanzo, mengine hukatwa. "Maombi ya nafasi ya mafunzo tarajali katika shirika lenu" yanapokatwa hubaki "Maombi ya nafasi ya mafunzo", sawa na ya wengine wote. Weka kazi mbele, ombi nyuma. Lugha iwe ile ambayo ofisi inaandikia: kama tovuti na ripoti zao ni za Kiingereza na mratibu si Mswahili, andika Kiingereza chepesi. Kama wanaandika Kiswahili, usijilazimishe. Barua ya Kiswahili safi imepita mbele ya macho yangu ikashinda ya Kiingereza cha kuungaunga.

Hii ndiyo barua ya binti, baada ya kuifuta mara tatu:

> Subject: Kuingiza fomu za uvuvi za BMU: ombi la mafunzo Julai–Agosti
>
> Ndugu Mratibu,
>
> Habari za kazi. Ninaomba nafasi ya mafunzo tarajali ya wiki 8 katika ofisi yenu kuanzia mwanzoni mwa Julai, nikisaidia kuingiza kwenye Excel fomu za uvuaji zinazojazwa na BMU.
>
> Nimehitimu stashahada ya uvuvi Mbegani na naishi Makorora. Mwezi huu nilishinda asubuhi moja diko la Sahare nikimsaidia mwandishi wa BMU kujaza fomu, kwa ruhusa ya katibu. Niliona samaki mmoja huandikwa kwa majina mawili, kwa mfano tasi na tafi, jambo linaloweza kugawa jumla yake kwenye jedwali. Pamoja na kuingiza fomu, ningeandaa orodha moja ya majina ya samaki ili waandishi wote waitumie.
>
> Nimejipima kwa fomu za mfano. Naweza kuingiza na kukagua fomu 30 kwa siku. Nina kompyuta yangu. Siombi mshahara, na nauli ya kufika ofisini najitegemea. Ikiwa kutakuwa na safari za madikoni, ningeomba kusafiri na gari la ofisi.
>
> Naweza kufika kwa mazungumzo ya dakika 15 siku yoyote katika wiki mbili zijazo. Ikiwa kazi hii iko chini ya afisa mwingine, naomba umpelekee barua hii. Wasifu wangu wa ukurasa mmoja nimeuambatisha.
>
> Wako,
> (jina kamili)
> (namba ya simu)

Tazama yale ambayo hayamo. Hakusema "fomu zenu zimerundikana", ingawa alihisi hivyo. Mgeni anayekuonyesha uchafu wa nyumba yako kabla hujamkaribisha, hata kama anasema kweli, humfungulii. Alitaja tasi na tafi kama jambo la waandishi wa fomu, akaleta na dawa yake. Hakuandika kuwa tangu utotoni anapenda bahari. Hakueleza shida za nyumbani, na hili nalisema kwa upole, kwa sababu barua nyingi zilizonihuzunisha ndizo zilizokuwa na shida ndefu. Ziliniumiza moyo, nikakosa la kufanya nazo, kwa kuwa hazikutaja kazi.

Sentensi ya kwanza baada ya salamu inabeba ombi lote: nini, muda gani, lini. Afisa akisoma hiyo peke yake ameshajua. Na ile ya "naomba umpelekee barua hii" inampa njia nyepesi afisa asiyehusika na kazi hiyo. Bila hiyo hunyamaza tu.

Kuhusu fedha, andika ukweli. Usiseme unajitegemea kama nauli ya kutoka Pongwe kila siku itakushinda ifikapo wiki ya tatu. Afadhali uombe siku tatu kwa wiki unazoweza kuzilipia, kuliko kuahidi tano na kupotea. Nimeona watu wazuri wakiacha njiani kimya kimya kwa aibu ya nauli, na ofisi ikabaki ikiamini kuwa vijana hawana msimamo.

Hatua ya tano: wasifu, na tahadhari ya steshenari

Wasifu uwe ukurasa mmoja, PDF, faili lenye jina lako na fani yako. Faili linaloitwa "CV mpya final 2" likishaingia kwenye folda yangu lenye mengine sitini, sitalipata tena. Hapo juu kabisa pa wasifu pawekwe kile kinachohusu kazi uliyoomba. Kwa binti ilikuwa yale mafunzo ya vitendo ya kurekodi samaki aliyofanya akiwa chuoni, ambayo mwanzoni aliyaweka mstari wa mwisho chini ya "mambo ninayopenda".

Vyeti usivitume barua ya kwanza, na nakala ya kitambulisho cha NIDA usiitume kabisa mpaka uwe umekubaliwa na umejua unayemtumia ni nani. Picha nne za vyeti zilizopigwa kwa simu zinaweza kuifanya barua iwe nzito kiasi cha kutofunguka kwa mtandao dhaifu. Ukiamua kuweka kitu Google Drive, fungua kiungo hicho kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kukituma. Kikionyesha Request access, afisa naye ataonyeshwa hivyohivyo, na hataomba ruhusa. Badilisha iwe Anyone with the link.

Sasa steshenari. Wengi wetu huandikia na kutumia barua steshenari za Ngamiani, na hakuna ubaya. Ubaya ni pale kijana wa steshenari anapokutumia barua kwa anwani yake ya dukani. Nimeshapokea maombi ya watu wanane tofauti yaliyotoka anwani moja ya duka. Nilipojibu, jibu lilikwenda dukani. Sijui kama hata mmoja alilipata. Kaa mwenyewe kwenye kiti, ingia kwa anwani yako, tuma, halafu utoke kwenye akaunti. Kabla ya hapo jitumie barua hiyo wewe mwenyewe au umtumie ndugu, uitazame kwenye simu: jina linaloonekana ni lako au ni lile la utani ulilofungulia Gmail ukiwa kidato cha pili? Kichwa kinakatwa wapi? Wasifu unafunguka?

Hatua ya sita: siku ya kutuma

Kwa wanaotaka kuanza Julai, barua itoke Aprili, au Mei ikianza. Vyuo vingi huwatoa wanafunzi fildi kuanzia Julai, na ikifika Juni meza zimeshagawanywa. Juni yenyewe ni ngumu kwa sababu nyingine: mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na mashirika mengi huandika ripoti za robo mwaka. Tuma Jumanne au Jumatano asubuhi. Ijumaa mchana hapa Tanga watu wanajiandaa na swala, na baada ya hapo wiki imekwisha. Barua itakayofika wakati huo, Jumatatu itakuwa imefunikwa na nyingine.

Ofisi za umma zina njia yake

Niliyoyasema yanafaa mashirika yasiyo ya kiserikali na kampuni ndogo. Taasisi ya umma, iwe halmashauri, hospitali au kituo cha utafiti, barua yako itaishia masijala, ipigwe mhuri wa kupokelewa na kuwekwa kwenye jalada. Kwa hiyo hapo tengeneza barua rasmi iliyosainiwa, yenye anwani mbili na "Yah:", ielekezwe kwa mkuu wa taasisi kwa cheo chake, uiambatishe kama PDF, na mwili wa barua pepe uwe aya mbili fupi zinazotaja kazi ile ile. Kama bado ni mwanafunzi, barua ya utambulisho ya chuo ni lazima. Kama umeshahitimu, jisajili pia TaESA, wanaoshughulikia huduma za ajira serikalini, kwa kuwa ndio wanaoratibu mafunzo ya utarajali kwa wahitimu. Ukifuatilia, usiulize "barua yangu imefikia wapi". Uliza masijala namba ya jalada lake na liko kwa nani. Ukiwa na namba, swali lako lina jibu.

Hatua ya saba: kimya, na namna ya kukivunja

Binti alituma barua nne, kila moja na kazi yake tofauti. Moja ilirudi siku hiyohiyo kwa anwani mbovu, akapiga simu, akapata sahihi. Moja ilijibiwa baada ya siku tatu kwamba hawapokei watu hadi mwaka ujao. Mbili zilinyamaza, na moja kati ya hizo ni ile ya fomu za uvuvi aliyokuwa ameiwekea moyo wake wote.

Subiri siku kumi za kazi. Kisha fungua barua uliyotuma, bonyeza Reply ukiwa ndani yake, hakikisha To ni anwani ya afisa, si yako, na andika mistari mitatu. Barua ya awali itabaki chini, afisa hatahitaji kuitafuta. Usianzishe barua mpya, na usiandike "sijapata jibu lako". Leta kitu kipya, hata kidogo. Yeye aliandika:

> Ndugu Mratibu, habari za kazi. Narejea barua yangu ya tarehe 23 Aprili hapa chini. Tangu hapo nimeandaa rasimu ya orodha ya majina ya samaki 32 yanayotumika Sahare, pamoja na majina yao mengine. Nimeiambatisha, na mnaweza kuitumia hata kama nafasi ya mafunzo haipo.

Jibu lilikuja kesho yake. Mratibu alikuwa safarini wiki mbili, na barua ya kwanza aliiona ikampita. Ile orodha ya samaki ndiyo aliyoifungua.

Kama ufuatiliaji wa kwanza haujajibiwa, baada ya wiki moja nyingine piga simu mapokezi, ukimtaja yule dada kwa jina. Hapo inatosha. Ukipita hapo unakuwa mzigo, na Tanga ni mji mdogo, utakutana na watu haohao kwenye ofisi nyingine. Aliyekukatalia kwa heshima mjibu kwa shukrani siku hiyohiyo, na umwombe ruhusa ya kumwandikia tena mwezi fulani utakaoutaja. Na yeyote atakayekuambia nafasi ipo ila utume kwanza hela ya fomu, ya bima au ya sare, usitume. Piga namba ya ofisi uliyoipata mwenyewe, uwaulize.

Wakikuambia njoo

Mazungumzo ya binti yalichukua dakika arobaini. Hawakuwa na meza kwa wiki nane, walikuwa nayo kwa sita. Fomu zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani, na nyingi zilikuwa za Kigombe, si za Sahare. Alikubali. Kabla ya kutoka aliuliza nani atakuwa msimamizi wake, kazi itahifadhiwa kwenye kompyuta ya nani, na kama atapewa barua ya kumaliza. Jioni ile, akiwa bado anakumbuka kila neno, alituma barua ya mwisho kwenye mfululizo uleule:

> Ndugu Mratibu, ahsante kwa kunipokea leo. Nilivyoelewa: mafunzo ni wiki 6 kuanzia tarehe 8 Julai, saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, chini ya usimamizi wa Afisa Ufuatiliaji. Nitaanza na fomu za Kigombe. Takwimu zitabaki kwenye kompyuta ya ofisi na sitazichukua nyumbani. Nikimaliza nitapewa barua ya kuthibitisha. Ikiwa kuna nilipokosea, naomba unisahihishe.

Mratibu alijibu kwa kusahihisha kitu kimoja: saa ya kuanza ni mbili na nusu, kwa sababu mwenye funguo anatoka Muheza.